Barua ya kamati ya ukumbi kwa kampuni ya bima kuhusu harusi na shughuli kubwa: mwongozo kamili

Ilikuwa saa tano usiku, Jumamosi, harusi imenoga. Wapambaji walikuwa wamevuta waya wa taa kutoka kwenye jenereta, ukapita katikati ya mlango wa kuelekea vyooni, na juu yake wakatandika kipande cha kapeti jekundu. Shangazi wa bwana harusi akajikwaa, akaangukia mkono, mfupa ukavunjika karibu na kifundo. Wiki mbili baadaye familia ilileta risiti za hospitali kwa kamati ya ukumbi, na mimi nikiwa katibu nikafungua faili nikiwa na amani kabisa, maana bima tulikuwa nayo.

Jibu lililorudi kutoka kampuni ya bima lilikuwa na aya mbili. Hati yetu, walisema, inahusu "mikutano na matumizi ya kawaida ya ukumbi", na kukodisha ukumbi kwa malipo kwa ajili ya sherehe hakukutajwa kwenye fomu ya maombi. Wakala alikuwa ametuambia kwa simu, "Harusi zimo, msiwe na wasiwasi." Lakini simu hiyo haikuwa popote kwenye karatasi. Tulilipa kwa fedha tulizokuwa tumechanga za kuezeka upya paa.

Tangu siku ile nimeandika barua hii mara kadhaa, ya kwetu na ya kumbi za jirani. Mfano ninaouweka hapa ni wa Tanzania Bara, kwa ukumbi wa kawaida wa jamii unaochukua watu mia nne hivi. Siri yake ni moja: usiulize "je, mnalipa harusi?" Ukiuliza hivyo utajibiwa "ndiyo", na ndiyo hiyo haina thamani siku ya madai. Waeleze siku moja ya harusi jinsi inavyokwenda hasa, tangu maturubai yanaposhushwa mpaka viti vinapopakiwa, kisha uulize kila kipande kinaangukia wapi.

Kwanza, jueni mnaulizia bima gani

Bima ya dhima kwa umma inafanana kimantiki na bima ndogo ya gari. Haikulipi wewe wala haitengenezi mali yako. Inamlipa mtu wa nje aliyeumia au aliyeharibiwa mali, pale ambapo wewe unawajibika kisheria kwa uzembe wako. Ukumbi ukiungua, hiyo ni bima ya moto. Mlinzi au mfagizi wenu aliyeajiriwa akiumia kazini, njia yake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF.

Kuna jambo watu wengi hawalitarajii. Mgeni akianguka kwa sababu amelewa na amejikwaa kwa miguu yake mwenyewe kwenye sakafu kavu yenye mwanga wa kutosha, bima hii haimlipi, kwa kuwa hakuna uzembe wa ukumbi. Kamati nyingi zinaahidi familia kwamba "bima italipa" kabla hata ya kujua kama kuna aliyekosea, na ahadi hiyo inakuja kuwatia matatani, kama nitakavyoeleza mbele.

Pili, jina la mwenye ukumbi

Hapa ndipo barua nyingi zinapokosea mstari wa kwanza tu. Kamati ya ukumbi kwa kawaida si mtu mbele ya sheria. Haiwezi kushtaki wala kushtakiwa kwa jina lake, na hivyo hata kukatiwa bima kwa jina lake pekee ni kujitafutia utata. Kama ukumbi ni wa kijiji, Halmashauri ya Kijiji ni chombo chenye hadhi ya kisheria. Kama ni wa kanisa, msikiti au chama, tafuteni jina la bodi ya wadhamini kama lilivyosajiliwa RITA, mliandike herufi kwa herufi. Ukumbi wa mtaa mjini mara nyingi ni mali ya halmashauri ya manispaa au jiji, na hapo inabidi mzungumze na ofisi hiyo kabla ya kuandika popote.

Ombeni jina la mmiliki liwe la mwenye bima, na kamati itajwe kuwa msimamizi anayekingwa pamoja naye. Msipofanya hivyo, aliyeumia anaweza kumshtaki mwenyekiti wenu binafsi, na kampuni ikasema mwenyekiti hayumo kwenye hati.

Tatu, kusanyeni ukweli wa ukumbi wenu

Chukueni daftari la kukodisha la miezi kumi na miwili iliyopita. Hesabuni harusi, sendofu, kicheni pati, mahafali, misiba na mikutano, kisha andikeni shughuli kubwa kuliko zote ilikuwa na watu wangapi. Msitaje idadi ya viti. Ukumbi una viti mia nne, lakini sote tunajua kadi za mialiko mia nne huleta watu mia tano, na waliobaki wanakaa nje chini ya turubai.

Tembeeni ukumbi mzima usiku, taa zikiwa zimewashwa. Milango ya kutokea ni mingapi, na mingapi inafunguka kwa nje? Mitungi ya kuzimia moto ilikaguliwa lini? Cheti cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kipo na hakijaisha muda? Jenereta linakaa wapi? Ngazi ya jukwaa ina mkono wa kushikia?

Mkikuta kasoro, itajeni kwenye barua pamoja na tarehe mtakayoirekebisha. Najua inauma kumwandikia mtu wa bima kwamba mlango mmoja umekwama. Lakini mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu: anayeomba ana wajibu wa kusema kila jambo muhimu analolijua hata kama hakuulizwa. Kampuni ikigundua baada ya ajali kwamba mlijua mkanyamaza, inaweza kuukana mkataba wote. Kasoro iliyotajwa itawaongezea ada kidogo au kuwaletea sharti, ila iliyofichwa ndiyo inayokula paa.

Nne, maswali yanayostahili kuulizwa

Swali la kwanza ni la watu. Siku ya harusi chini ya paa lenu kuna pande nne au tano: ninyi, familia iliyokodi, mpishi, mpambaji, na mwenye muziki. Hati yenu kwa kawaida inawakinga ninyi tu. Spika ikimwangukia mgeni, mwenye muziki ndiye mwenye kosa, lakini wakili wa aliyeumia atawashtaki wote, na ninyi mtakuwa wa kwanza kwenye orodha kwa sababu jengo halihami. Kwa hiyo ulizeni mambo mawili tofauti. Je, familia inayokodi kwa shughuli binafsi inaweza kuongezwa kwenye hati yetu? Na je, wanaofanya kazi kwa malipo, kama mpishi na mpambaji, mnataka wawe na bima yao, ya kikomo gani? Mara nyingi kampuni hukubali kuwaongeza wakodishaji binafsi kwa ada ya ziada lakini si wafanyabiashara, na ni haki, kwa sababu hatari ya mpishi aliyepika nyumbani kwake si ya ukumbi.

Hapo hapo ulizeni kuhusu chakula. Watu thelathini wakiharishwa na wali ulioiva mchana ukaliwa saa nne usiku, hilo huhesabiwa kuwa dhima ya bidhaa, na hati nyingi za dhima kwa umma haziligusi mpaka liongezwe kwa maandishi.

Swali la pili ni la kikomo, na hili naomba mlisome polepole. Tuseme hati inasema kikomo ni shilingi 50,000,000 kwa tukio moja na 100,000,000 kwa mwaka mzima. Turubai linaanguka kwa upepo kwa sababu nguzo zilifungwa kwenye mawe badala ya vigingi, watu wanane wanaumia, na kila mmoja anastahili fidia ya shilingi 9,000,000. Jumla ni 72,000,000. Ingawa ni watu wanane, chanzo ni kimoja, kwa hiyo ni tukio moja. Kampuni inaishia 50,000,000 na ninyi mnabaki na deni la 22,000,000. Kile kikomo cha mwaka cha milioni mia hakiwasaidii hata senti. Ndiyo maana kwa ukumbi wa harusi kikomo cha tukio moja ndicho cha kupigania. Ulizeni pia kama gharama za mawakili zinatoka ndani ya kikomo hicho au zinalipwa juu yake, na ni kiasi gani cha mwanzo katika kila dai mtabeba wenyewe.

Swali la tatu ni la vitu vya muda: maturubai, majukwaa, jenereta za kukodi, fataki. Hivi ndivyo vinavyotofautisha harusi na mkutano wa wazazi, na ndivyo ambavyo kampuni hupenda kuviondoa. Vitajeni kimoja kimoja.

La nne ni magari. Mkiweka mlinzi anayepokea funguo na kupanga magari, kampuni inaweza kusema magari yale yamekuwa mali iliyo chini ya uangalizi wenu, na mali ya namna hiyo kwa kawaida haimo. Kama mlinzi anaelekeza tu kwa tochi bila kushika ufunguo, jibu linaweza kuwa tofauti. Andikeni mnavyofanya hasa.

La tano ni la muda. Je, kinachoangaliwa ni siku ajali ilipotokea, au siku dai lilipoletwa? Kwa Tanzania Bara mtu aliyeumizwa kwa uzembe ana miaka 3 ya kufungua shauri. Kama hati inaangalia siku ya dai, nanyi mmehama kampuni katikati, mnaweza kujikuta hamna pa kushika. Ombeni inayoangalia siku ya ajali.

Tano, barua yenyewe

Badilisheni takwimu ziwe zenu. Msiondoe sentensi ya mwisho kabla ya saini.

> Bodi ya Wadhamini ya ……,
> K.K. Kamati ya Ukumbi,
> S.L.P. ……
> Tarehe ……
>
> Meneja,
> Kampuni ya Bima ……,
> S.L.P. ……
>
> Ndugu,
>
> YAH: OMBI LA UFAFANUZI WA MAANDISHI KUHUSU BIMA YA DHIMA KWA UMMA KWA HARUSI NA SHUGHULI KUBWA, HATI NAMBA ……
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Sisi ni wamiliki na wasimamizi wa ukumbi uliopo ……, wenye viti 400. Tunaukodisha kwa malipo. Katika miezi 12 iliyopita tulikuwa na shughuli 61, zikiwemo harusi na sendofu 34. Shughuli kubwa kuliko zote ilikuwa na watu takribani 520, ambao kati yao 120 walikaa uani chini ya turubai.
>
> Siku ya harusi huenda hivi. Wapambaji huingia asubuhi, hufunga turubai na jukwaa, na huvuta umeme kutoka jenereta la kukodi lililo nyuma ya ukumbi. Mpishi huleta chakula kilichopikwa nje, hukipasha moto uani kwa mkaa na gesi. Vileo huuzwa au hugawiwa na waliokodi. Muziki huzimwa saa sita usiku. Mlinzi wetu huelekeza magari lakini hapokei funguo. Fataki huombwa mara chache, na hatujaziruhusu mpaka tupate jibu lenu.
>
> Ukumbi una milango minne ya kutokea. Mmoja haufunguki vizuri na utatengenezwa kabla ya tarehe …… Mitungi sita ya kuzimia moto ilikaguliwa tarehe …… Katika miaka mitano iliyopita tumepata dai moja: mgeni alijikwaa kwenye waya akavunjika mkono, tukalipa wenyewe shilingi ……
>
> Tunaomba mtujibu kwa maandishi, mkitaja kifungu cha hati kinachohusika:
>
> 1. Je, kukodisha kwa malipo kwa shughuli kama zilizoelezwa hapo juu kumo kwenye hati yetu, na kwa idadi ya watu isiyozidi wangapi?
> 2. Je, kamati na watu wanaojitolea wanakingwa pamoja na mmiliki? Je, familia iliyokodi inaweza kuongezwa, na kwa ada gani?
> 3. Mpishi, mpambaji na mwenye muziki wawe na bima ya kikomo gani ili hati yetu isiathirike?
> 4. Madhara yatokanayo na chakula na vinywaji yamo? Kama hayamo, yanaongezwaje?
> 5. Maturubai, majukwaa, jenereta na fataki: kipi kimo, kipi hakimo, kipi kina sharti?
> 6. Kikomo cha fidia kwa tukio moja ni kiasi gani, na kwa mwaka? Gharama za utetezi ziko ndani au nje ya kikomo? Kiasi tunachobeba wenyewe ni kipi?
> 7. Magari ya wageni kwenye uwanja wetu yana hali gani?
> 8. Hati inaangalia tarehe ya ajali au tarehe ya dai?
> 9. Ni masharti gani tukiyavunja mtakataa dai?
> 10. Ajali ikitokea tuwajulishe ndani ya muda gani, na kwa njia ipi?
>
> Tunaomba pia makadirio ya ada kwa kikomo cha shilingi 50,000,000, 100,000,000 na 200,000,000 kwa tukio moja, VAT ikionyeshwa peke yake. Harusi inayofuata ni tarehe ……, hivyo tutashukuru kupata jibu kabla ya tarehe ……
>
> Tunaomba maelezo ya barua hii yawe sehemu ya taarifa tulizowapa kwa ajili ya mkataba, na lolote mtakalokubali liwekwe kwenye hati ya nyongeza iliyosainiwa.
>
> Wako katika ujenzi wa taifa,
>
> …… Mwenyekiti  …… Katibu

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nanyi. Kama mnapitia kwa wakala, mpeni nakala, lakini barua iende kampuni yenyewe, kwa kuwa wakala anaiwakilisha kampuni. Dalali wa bima ni tofauti: yeye kazi yake ni kumtafutia mteja bima, na kwa ukumbi wenye shughuli nyingi anaweza kuwapelekea barua hiyo hiyo kampuni tatu kwa mpigo.

Sita, kusoma jibu

Jibu zuri linataja namba za vifungu. Jibu la "bima yetu inagharamia shughuli zote za kawaida" ni sawa na kutojibiwa. Rudisheni barua fupi: "Je, harusi ya watu 520 yenye turubai ni shughuli ya kawaida kwa mujibu wa hati?"

Someni masharti kuliko mnavyosoma ada. Tuliwahi kuletewa sharti kwamba kila mlango uwe na mlinzi muda wote wa shughuli. Milango minne, walinzi tulio nao wawili. Kulikubali lile ilikuwa sawa na kununua bima isiyofanya kazi usiku wowote ule. Tuliandika tukaomba liwe "milango yote iwe wazi bila kufuli, na mlinzi azunguke kila nusu saa", wakakubali. Masharti hujadiliwa kabla ya kulipa tu.

Makadirio yakisema ada ni 600,000, ongezeni VAT ya asilimia 18, yaani 108,000, muweke bajeti ya 708,000. Lipeni kampuni moja kwa moja kwa namba ya malipo waliyowapa, msimpe mtu fedha mkononi, na mhakiki hati yenu kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Hati isiyoonekana humo isiwape usingizi. Kampuni ikikaa kimya au mkikwaruzana nayo juu ya dai, malalamiko hupelekwa TIRA, na kuna pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Saba, kuhamishia majibu kwenye mkataba wa kukodisha

Kampuni ikishajibu, majibu yale yaingie kwenye fomu mnayompa baba wa bibi harusi anapokuja kulipa kianzio. Kwetu fomu sasa inamtaka alete nakala ya bima ya mpishi na ya mpambaji siku 14 kabla, idadi ya juu ya wageni imeandikwa kwa tarakimu na maneno, na fataki zimekatazwa. Wapo waliolalamika. Mama mmoja aliniambia, "Katibu, mwanangu anaolewa, wewe unaniletea habari za turubai kuanguka!" Nikamweleza habari ya yule shangazi, akaenda kumbana mpambaji wake mwenyewe.

Nane, usiku wa ajali

Mhudumieni aliyeumia, mpelekeni hospitali, na kwa moto au uokoaji pigeni 114. Kisha pigeni picha pale pale kabla waya haujakunjwa na kapeti halijaondolewa. Chukueni majina na simu za watu wawili walioona. Andikeni saa.

Na sasa lile la ahadi. Karibu kila hati ina kifungu kinachokataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kwa mila zetu hilo ni gumu, maana usipokwenda kumjulia hali mgonjwa unaonekana huna utu. Nendeni. Pelekeni matunda, toeni pole kwa moyo wote, changeni hata nauli kama majirani. Lakini msiseme "ni kosa letu, tutalipa", na msisaini karatasi yoyote ya makubaliano, hata ikiandikwa mbele ya mjumbe. Semeni, "Tumeshaipelekea kampuni ya bima taarifa, nao watawasiliana nanyi." Taarifa hiyo iende kwa maandishi kesho yake asubuhi, hata kama familia imesema haidai. Aliyesamehe leo ana miaka 3 ya kubadili mawazo, na kampuni ikipata habari mwaka wa pili itauliza mlikuwa wapi.

Barua mpya inaandikwa kila mwaka kabla ya hati kuisha, na katikati ya mwaka pia ikiwa mmeongeza jengo, mmeanza kuuza vileo wenyewe, au mmepata shughuli iliyopita idadi mliyotaja. Kwetu mwaka huu kimeongezeka kitu kimoja tu: waya zote za taa sasa zinapita juu ya fremu ya mlango, kwenye ndoano nne alizozipigilia fundi wetu, na picha ya ndoano hizo tumeiambatisha.